Shajara ya mradi: fulana ya mkutano wa ukoo, rangi mbili juu ya bluu iliyokoza

Ingizo la 1: Mchoro uliotufikia na tulichoamua

Kamati ya mkutano imeleta mchoro uliochorwa kwa penseli za rangi juu ya karatasi nyeupe. Kuna nyuso za babu na bibi waanzilishi, mti wenye matawi matano (tawi moja kwa kila mtoto wao), jua nyuma yao, jina la ukoo chini, na orodha ya majina 64 ya kuwekwa mgongoni. Ukihesabu rangi zilizotumika zinafika sita. Fulana ni za bluu iliyokoza, pamba tupu, na zitachapwa kwa skrini, yaani wavu ulioachwa wazi pale tu wino unapotakiwa kupita.

Kila rangi inadai skrini yake, filamu yake, na kulinganishwa na zile nyingine kila fulana inapopita mezani. Juu ya kitambaa cheusi au bluu iliyokoza gharama hiyo inaongezeka, kwa sababu wino wa rangi hauwezi kukaa peke yake. Njano ikichapwa moja kwa moja juu ya bluu inafifia na kuwa kijani kichafu, maana bluu inapenya kutoka chini. Kwa hiyo kila rangi inahitaji kutandikiwa nyeupe kwanza. Kwa kuwa hiyo nyeupe lazima iwepo, tumeipa kazi mbili: iwe tandiko la rangi nyingine, na hapo hapo ionekane kama rangi kamili sehemu ambazo hakuna kilichoifunika.

Uamuzi basi ni nyeupe, njano, na kitambaa chenyewe. Skrini ni mbili, na macho yanaona rangi tatu. Mti mzima umeondolewa, yamebaki matawi matano yanayopanda kutoka kwenye jina la ukoo na kulizunguka jua. Jua ni duara la njano lenye kipenyo cha sentimita 16, na nyuso ziko ndani yake. Upana wa mchoro wote ni sentimita 28, kimo sentimita 31.

Wengine kwenye kamati walitaka jua la sentimita 24. Tumelikataa kwa sababu ya uzito wa wino. Eneo kubwa lililofunikwa mfululizo na nyeupe mara mbili pamoja na njano juu yake linakakamaa kifuani, halipitishi hewa, na mvaaji anatoka jasho mahali hapo hapo. Kwa sentimita 16, nyuso na nywele zikichukua nafasi yao, njano inayobaki ni chini ya nusu ya duara.

Ingizo la 2: Nyuso

Hii ndiyo sehemu iliyohitaji fikra nyingi zaidi, na ndiyo inayoharibika mara nyingi kwenye fulana za aina hii. Mtu anayechora kwenye karatasi nyeupe anachora vivuli: nywele, nyusi, mboni, mstari wa pua. Mchoro huo ukichapwa kwa wino mweupe juu ya kitambaa cha giza, kila kilichokuwa kivuli kinang'aa. Babu anakuwa na mboni nyeupe na matundu ya pua meupe, na watoto wake mwenyewe hawamtambui. Kubadilisha wino hakusaidii. Kinachotakiwa ni kuchora upya mahali mwanga unapoangukia, na kukiacha kitambaa kiwe kivuli.

Tumeanza na picha mbili za zamani zilizopigwa upande wa mwanga wa dirisha, si zile za mwanga wa usoni. Picha ya mwanga wa usoni haina vivuli, na uso wake ukipunguzwa hadi rangi moja unakuwa sahani tupu. Mwanga wa ubavuni unatoa shavu moja lililoangaza na jingine lililozama, na hapo sura inapatikana.

Katika Inkscape tumetumia `Path > Trace Bitmap`, kichupo cha `Single scan`, njia ya `Brightness cutoff`, na kuweka alama kwenye `Invert image`. Bila alama hiyo programu inafuatilia sehemu za giza. Ikiwekwa, inafuatilia sehemu za mwanga, na hizo ndizo tutakazochapa. Kiwango cha `Threshold` hakiwezi kuwa kimoja kwa picha yote. Kwenye uso wa babu kiwango kilichofaa paji la uso kiliimeza taya yote gizani. Tumefuatilia uso huo mara mbili kwa viwango viwili, tukachukua paji na pua kutoka kwenye ufuatiliaji mmoja na taya na shingo kutoka kwenye mwingine, kisha tukaviunganisha kwa mkono.

Baada ya hapo kazi ni ya kufuta. Ufuatiliaji unatoa visiwa vidogo vingi vya mwanga: chembe kwenye ndevu, mng'ao wa ngozi, hata vumbi la picha ya zamani. Kila kisiwa chenye upana chini ya nusu milimita kimefutwa au kuunganishwa na jirani yake. Tumeacha vinne tu, nukta moja ya mwanga katika kila jicho, na hizo tumezikuza hadi milimita 0.8 kwa makusudi. Bila nukta hizo macho yanaonekana yamefumba.

Miwani ya bibi ilikuwa kwenye picha kama waya mwembamba wa fedha. Tumeigeuza kuwa mstari wa kitambaa wenye unene wa milimita 1.2, uliokatwa ndani ya nyeupe ya shavu. Nywele zake nyeusi hazichapwi kabisa: ni shimo lenye umbo la nywele ndani ya jua la njano, na bluu ya fulana inafanya kazi yote. Mvi za babu ni nyeupe yenye michirizi ya kitambaa. Hapa ndipo jua linapolipa nafasi yake, kwa sababu bila njano ya nyuma, kichwa chenye nywele nyeusi juu ya fulana ya giza hakina mpaka, na uso unabaki unaelea bila fuvu.

Ingizo la 3: Njano gani

Shavu la mwanga la bibi limegusana moja kwa moja na jua. Nyeupe juu ya njano ya limau haionekani kwa mbali. Kwenye skrini ya kompyuta tofauti inaonekana nzuri kwa sababu macho yanaona rangi, lakini mtu aliye hatua kadhaa anategemea tofauti ya mwanga na giza. Kipimo chetu ni kugeuza mchoro wote kuwa wa kijivu. Njano ya limau, `#FFF200`, inakuwa kijivu chenye ung'avu wa takriban asilimia 93, karibu sawa na nyeupe, na shavu linapotea. Njano inayoelekea chungwa, `#F2A900`, inashuka hadi takriban asilimia 72, na ukingo wa shavu unabaki.

Tumechagua hiyo ya pili. Namba hizo ni za kutazamia kwenye kompyuta tu. Anayechanganya wino amepewa kipande cha rangi kilichochapwa, kwa sababu skrini mbili za kompyuta hazionyeshi njano moja kwa namna moja.

Ingizo la 4: Vitu vyembamba vyote viwe vyeupe

Kanuni hii imeamua mambo mengi kuliko tulivyotarajia, na sababu yake ni tandiko. Ili nyeupe ya chini isichungulie pembeni mwa njano, inabidi iwe nyembamba kuliko njano kidogo kila upande. Tumetumia milimita 0.25 kila upande. Sasa fikiria mstari wa njano wenye unene wa milimita 0.6. Toa 0.25 kushoto na 0.25 kulia, tandiko linabaki na milimita 0.1, ambayo skrini haiwezi kuishika. Mstari unachapwa njano tupu juu ya bluu na unageuka kijani kichafu. Jambo baya ni kwamba kwenye kompyuta mstari huo unaonekana safi kabisa.

Nyeupe haina shida hiyo, inasimama peke yake kwa skrini moja na haihitaji kulingana na kitu. Kwa hiyo matawi, mishipa ya majani, jina la ukoo, mwaka wa mkutano na mkufu wa bibi vyote ni vyeupe. Njano imebaki kwenye jua na kwenye majani makubwa tu, na hakuna umbo la njano lenye sehemu nyembamba kuliko milimita 2. Majani yalikuwa na ncha kali. Ncha zimekatwa na kuviringishwa, kwa sababu ncha inayopungua polepole lazima ifike mahali ambapo tandiko linakwisha kabla ya njano.

Upande wa nafasi kati ya maumbo, wino hutanuka kidogo unapokandamizwa, na nyeupe itapigwa mara mbili. Mstari wa wino unanenepa na mpasuko wa kitambaa unaziba. Kwa hiyo kikomo cha mpasuko kinapaswa kuwa kikubwa kuliko cha mstari: tumeanza na milimita 0.4 kwa mstari mweupe na 0.7 kwa mpasuko, na chapa ya majaribio ndiyo itakayothibitisha.

Majina 64 ya mgongoni ni nyeupe pekee, safu nne za majina 16. Herufi zote ni kubwa, nene, zisizo na vikia, kimo cha milimita 6, na kutoka mstari hadi mstari milimita 11. Herufi ndogo zingependeza, lakini kitundu cha juu cha "e" na tumbo la "a" kwa ukubwa huu ni kama milimita moja hivi kwa kimo, na wino ukitanuka pande zote unakaribia kukiziba. Nafasi kati ya herufi imeongezwa kidogo kuliko fonti inavyoiweka yenyewe, kwa sababu "RI" na "LI" zilikuwa zinakaribiana mno.

Ombi letu kwa kamati: orodha ihakikiwe na wazee wawili wa matawi tofauti kabla maandishi hayajageuzwa kuwa maumbo kwa `Path > Object to Path`. Baada ya hapo kurekebisha jina moja ni kulichapa upya na kulipanga upya, si kubofya na kufuta herufi.

Ingizo la 5: Kutengeneza tandiko

Faili ina leya mbili za mwisho, `nyeupe` na `njano`. Leya ya njano ni rahisi, ni maumbo ya njano yalivyo. Leya ya nyeupe ndiyo yenye ujanja, kwa sababu ina tabia mbili kwenye ukingo. Pale nyeupe inapoonekana na kukutana na kitambaa, ukingo wake lazima ubaki ulivyo. Pale nyeupe inapolala chini ya njano na njano inakutana na kitambaa, lazima irudi ndani milimita 0.25.

Njia inayokuja kichwani kwanza ni kuchukua maumbo ya njano, kuyapunguza milimita 0.25 pande zote, na kuyaongeza kwenye nyeupe. Njia hiyo inaharibu shavu la bibi. Tazama mpaka wa shavu na jua kwa karibu: upande mmoja ni nyeupe inayoonekana, inayoishia kwenye mpaka, upande wa pili ni tandiko la jua, ambalo limepunguzwa na sasa linaanzia milimita 0.25 ndani ya mpaka. Kati yao umebaki mfereji wa kitambaa usio na nyeupe. Njano inapita juu ya mfereji huo bila tandiko, na uso wa bibi unapata mstari wa kijani kuanzia sikioni hadi kidevuni.

Mpangilio unaofaa ni huu. Kwanza unganisha nyeupe na njano kuwa umbo moja, punguza umbo hilo la pamoja, halafu rudishia nyeupe asili juu yake. Kwa kuwa shavu na jua vimeunganishwa kabla ya kupunguzwa, mpaka kati yao haupo tena na hakuna kinachorudi nyuma pale. Kingo za nje za njano zinapungua, na kingo za nje za nyeupe zilizopungua pamoja nazo zinarudi mahali pake nyeupe asili inapoongezwa.

Katika Inkscape tunafanya hivi, juu ya nakala za maumbo (`Edit > Duplicate`), si maumbo yenyewe. Chagua nakala za nyeupe na njano zote, `Path > Union`. Umbo hilo lipe mstari wa ukingo wenye unene wa milimita 0.5, mstari wa ukingo huwa nusu ndani na nusu nje, kwa hiyo ndani unaingia milimita 0.25. Kisha `Path > Stroke to Path`, halafu `Object > Ungroup` ili mjazo na mstari vitengane. Chagua vyote viwili, mstari ukiwa juu, na utumie `Path > Difference`. Kilichobaki ni umbo la pamoja lililopungua. Mwisho lichague pamoja na nakala nyingine ya nyeupe asili, `Path > Union`, na tandiko limekamilika.

Kuna amri ya `Path > Inset` inayopunguza kwa hatua moja, lakini kiasi chake kinatoka kwenye mipangilio ya programu na hakionekani kwenye faili. Mstari wa milimita 0.5 mtu yeyote anaweza kuuona na kuupima kabla haujakatwa.

Ukaguzi unafanywa kwa `View > Display Mode > Outline`, ukikuza shavu, ukingo wa nywele na jani mojawapo. Kwenye shavu hakuna mstari wa tandiko unaofuata mpaka. Kwenye ukingo wa nywele kuna mistari miwili sambamba, wa njano nje na wa tandiko ndani. Kama kwenye jani mstari wa ndani umekatika au umetoweka kabisa, jani hilo ni jembamba mno.

Sehemu nyingine zote, isipokuwa mashavu, tumeziepusha na kugusana. Kati ya matawi meupe na jua la njano kuna mpaka wa kitambaa wa milimita 1.5. Njano ikihama nusu milimita pale, hakuna atakayeona, kwa sababu mpaka unabaki upo, mwembamba kidogo upande mmoja na mpana kidogo upande wa pili. Mashavuni tusingeweza kufanya hivyo, maana mstari wa giza kuzunguka shavu unasomeka kama ndevu.

Ingizo la 6: Filamu

Kila leya imegeuzwa kuwa nyeusi tupu, `#000000`, hata ile inayoitwa njano. Filamu haibebi rangi, kazi yake ni kuzuia mwanga. Kama umbo limeachwa na rangi yake ya njano, printa italichapa kwa wino hafifu, mwanga utapenya, dawa ya skrini, inayoganda ikipigwa mwanga, itagandia chini yake, na maji hayatalifungua wakati wa kuosha.

Alama nne za msalaba ziko juu, chini, kushoto na kulia, nje ya mchoro. Zimenakiliwa ndani ya leya zote mbili mahali pale pale, kwa sababu kila leya inatolewa peke yake:

```
inkscape fulana.svg --export-id=nyeupe --export-id-only \
  --export-area-page --export-filename=nyeupe.pdf
inkscape fulana.svg --export-id=njano --export-id-only \
  --export-area-page --export-filename=njano.pdf
```

Majina `nyeupe` na `njano` hapo ni vitambulisho (`id`) vya leya, si lebo inayoonekana kwenye orodha ya leya. Yanawekwa kwenye `Edit > XML Editor`. Sehemu ya `--export-area-page` ndiyo inayofanya faili zote mbili ziwe na ukurasa wa ukubwa mmoja. Ikiachwa, kila faili inakatwa kufuata mipaka ya maumbo yake na filamu hazilingani.

Filamu zote mbili zichapwe kwa printa moja, mfululizo, kwa ukubwa wa asilimia 100, na chaguo la kurekebisha ukubwa kufuata ukurasa likiwa limezimwa. Kisha pima umbali wa msalaba wa juu hadi wa chini kwenye kila moja kwa rula. Ziweke moja juu ya nyingine kwenye kioo chenye mwanga: misalaba yote minne ilale sawa, si mitatu.

Pembeni mwa filamu ya nyeupe tumeongeza ngazi ya majaribio: mistari ya milimita 0.3, 0.4, 0.5, 0.7 na 1.0, na mipasuko ya vipimo hivyo hivyo ndani ya mstatili mweupe. Inazibwa kwa utepe wakati wa kuchapa fulana zenyewe.

Ingizo la 7: Chapa ya majaribio

Skrini ya nyeupe ina nyuzi 43 kwa sentimita, ya njano nyuzi 61. Nyeupe inahitaji wavu ulio wazi zaidi ili wino mwingi upite. Wino ni plastisoli, unaoiva kwa joto tu. Utaratibu ni nyeupe, hita fupi, nyeupe tena, hita fupi, njano, halafu kuivisha.

Nyeupe ya pigo moja ilitoka ya kijivu, na nyuzi za pamba zilikuwa zimejitokeza juu ya wino. Pigo la pili lilizilaza na kuifanya nyeupe iwe nyeupe. Ngazi ya majaribio baada ya mapigo mawili ilionyesha mstari wa 0.4 umesimama na wa 0.3 umekatika hapa na pale. Upande wa mipasuko, 0.5 iliziba vipande vipande na 0.7 ilibaki wazi. Vikomo tulivyovianzia vimekaa. Michirizi ya mvi za babu iliyokuwa ya 0.7 tumeipandisha hadi 0.9 hata hivyo, kwa sababu wino unavyozidi kujikusanya chini ya skrini katika fulana nyingi mfululizo, kinachoziba kwanza ni mipasuko.

Tatizo lililojitokeza ni uzi mweupe kwenye kingo za njano. Kabla ya kugusa faili, inafaa kusoma uzi wenyewe, maana kila chanzo kina alama yake. Uzi ukiwa upande mmoja wa kila umbo na kwa unene ule ule, skrini moja imehama. Inarudishwa kwa skrubu za meza. Ukiwa kushoto sehemu ya juu ya mchoro na kulia sehemu ya chini, skrini imezunguka. Ukiwa haupo katikati na unazidi kadiri unavyoelekea pembeni, basi tabaka moja limebadilika ukubwa.

Wetu ulikuwa wa aina ya tatu. Filamu zilirudishwa kwenye kioo na misalaba ilikuwa sawa, kwa hiyo si printa. Kilichobadilika ni kitambaa. Pamba inabeba unyevunyevu. Hita ya baada ya nyeupe inauondoa, kitambaa kinasinyaa, na tandiko linasinyaa pamoja nacho kuelekea katikati. Njano inakuja baadaye kwa ukubwa wake kamili. Majani ya mbali kabisa ndiyo yaliyopotoka zaidi.

Dawa yake haiko kwenye mchoro. Fulana inalazwa mezani na kupitishwa chini ya hita kwanza, ikiwa tupu, ili isinyae kabla ya wino wa kwanza, na gundi ya meza iwe ya kutosha kuishika isisogee. Baada ya hapo uzi ulipotea na milimita 0.25 ilitosha. Kuongeza punguzo hadi 0.5 kungeuficha uzi, lakini kungezungusha ukingo wa kijani kwenye jua zima, unaoonekana kwa macho.

Hita ya katikati ni ya kuukausha wino ushikike bila kunata kidoleni, basi. Nyeupe ikiivishwa kabisa hapo, njano haishikamani nayo vizuri na inabanduka baada ya kufuliwa. Kuivisha ni mwisho, na wino wote, pamoja na ule wa chini kabisa, ufike takriban nyuzi joto 160 za Selsiasi. Jaribio lake ni kuuvuta mchoro kwa vidole ukishapoa: wino ulioiva unavutika na kurudi, ambao haujaiva unapasuka na kuonyesha bluu.

Kamati ilipata fulana nyingine za mchanganyiko wa poliesta kwa ajili ya walioagiza kwa kuchelewa. Tumeomba zisitumike kwa faili hii na wino huu. Rangi ya poliesta huhamia kwenye wino ikipata joto la kuivisha, na nyeupe inayotoka safi mezani inaweza kugeuka samawati siku zinazofuata. Zikilazimu, anayechapa atumie tandiko maalumu la kuzuia rangi, linaloiva kwa joto dogo zaidi.

Ingizo la 8: Fulana za watoto, na faili zinazokabidhiwa

Mchoro wa sentimita 28 hauingii kwenye fulana ya mtoto mdogo. Ukipunguzwa hadi 16, mstari wa 0.7 unakuwa 0.4, mpasuko wa 0.9 unakuwa kama 0.5 na kuziba, na tandiko linabaki na punguzo la milimita 0.14, dogo mno kuficha chochote. Kupunguza faili iliyokwisha kutenganishwa hakufai. Pia ukubwa wa pili wa rangi mbili unamaanisha skrini mbili zaidi.

Kwa hiyo watoto wana mchoro wao, nyeupe peke yake, upana sentimita 15: matawi matano na jina la ukoo, bila nyuso na bila jua. Majina hayapo mgongoni. Jumla ni skrini nne: mbili za kifua cha wakubwa, moja ya mgongo, moja ya watoto. Juu ya mchoro wa kifua pawe sentimita 7 kutoka mshono wa shingo kwa wakubwa na sentimita 4 kwa watoto wadogo.

Anayechapa amepokea `nyeupe.pdf`, `njano.pdf`, `mgongo.pdf` na `watoto.pdf`, pamoja na picha moja ya mchoro ukiwa juu ya bluu yenye vipimo vilivyoandikwa pembeni, na kipande cha rangi ya njano. Faili ya `fulana.svg` yenye maumbo asili kabla ya kuunganishwa imebaki kwa kamati. Bado tunasubiri tawi la tatu lithibitishe tahajia ya majina mawili; skrini ya mgongo haitapigwa mwanga kabla ya hapo, ila za kifua na za watoto zinaweza kuanza.